Punje zinazozama: kumwandikia bosi wa msambazaji bila kugombana naye

*"Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha watu watano, tunafuga sato kwenye vizimba viwili huku Luchelele. Mwezi wa tatu tulinunua mifuko 150 ya chakula cha kuelea, na kingi kinazama. Afisa mauzo wa Nyakato anatuzungusha tangu hapo. Wenzangu wanataka tusimalizie deni na tumwanike kwenye magrupu. Mimi nataka niende kwa bosi wao Dar, ila naogopa nikiandika vibaya tutakosa vyote, na nikikasirika huwa sijizuii. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Juzi nilikuomba uende kizimbani na ndoo kabla sijakujibu, na nashukuru ulikwenda, maana bila hesabu uliyonitumia jana jioni ningekuwa nakubahatishia. Nilifanya kazi miaka 11 idara ya ununuzi kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza, nikiandika barua kama hiyo unayotaka kuiandika. Kisha nikakaa miaka 6 upande wa pili, kwa msambazaji wa pembejeo, nikizipokea. Kwa hiyo nitaanza na kile kinachotokea upande ambao wewe huuoni.

Afisa mauzo wa Nyakato hana uwezo wa kukubadilishia hata mfuko mmoja. Kule nilikokuwa, mtu wa ngazi yake aliweza kukupunguzia bei kidogo au kukuongezea siku za kulipa, basi. Mzigo ukirudishwa unakatwa kwenye mauzo yake ya mwezi, na kamisheni yake inapungua. Akipeleka lalamiko juu bila vielelezo, anaulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Akilinyamazia, huenda mteja akachoka. Sikuambii haya ili umchukie. Nakuambia ili ujue kwamba kumpigia mara ya kumi hakutakupa kitu ambacho yeye hana.

Bosi wa Dar naye inawezekana kabisa hajui kama upo. Barua yako ikimfikia atatafuta mambo manne, na atayatafuta kwa dakika mbili tu: ni bechi gani, imebaki mifuko mingapi, tatizo limepimwaje, na linamalizika kwa shilingi ngapi. Asipoyakuta, ataandika juu ya barua yako "shughulikia" na kuirudisha kwa yule yule wa Nyakato. Hivyo ndivyo malalamiko mengi yanavyozunguka na kurudi mlangoni kwa mlalamikaji. Mimi mwenyewe nimeandika hilo neno "shughulikia" juu ya barua za watu waliokuwa na haki, kwa sababu tu hawakunipa kitu cha kushika. Lakini akikuta namba ya bechi, anaweza kupiga simu kiwandani siku hiyo hiyo. Viwanda makini vya chakula cha mifugo huhifadhi sampuli ya kila bechi, kwa hiyo anaweza kuagiza ipimwe, na anaweza kuangalia kama kuna wateja wengine wa bechi hiyo wamelalamika. Namba hiyo iko mfukoni, kwenye kile kikaratasi kilichoshonewa mdomoni, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Kwenye picha uliyonitumia inasomeka vizuri.

Sasa kipimo chako. Ulichukua mifuko 10 ambayo haijafunguliwa, kutoka pande mbalimbali za stoo. Kila mfuko ulichota katikati, si chini ambako unga na vipande vilivyovunjika hujikusanya, ukahesabu punje 100 bila kuchagua, ukazimwaga kwenye ndoo ya maji ya ziwa na kusubiri dakika tano bila kukoroga. Zilizozama zilikuwa 28, 33, 36, 24, 41, 30, 22, 35, 29 na 32. Jumla ni 310 katika punje 1,000, yaani asilimia 31. Na jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba ulikumbuka kupima masalia ya mzigo wa zamani, wa kampuni hiyo hiyo. Mara tatu, punje 100 kila mara, zikazama 3, 5 na 4. Hiyo ni asilimia 4. Wafugaji wengi wangesahau hapo. Bila mzigo wa zamani, bosi angesema "punje chache kuzama ni kawaida", nawe usingekuwa na la kumjibu. Sasa kawaida yake unayo, na imetoka kwenye bidhaa yake mwenyewe, kwa ndoo ile ile na maji yale yale.

Afisa uvuvi alikuwepo na akasaini karatasi. Vizuri sana. Hakikisha tu kwamba alichosaini ni kile alichokiona, yaani hesabu ya punje, na si maoni kwamba chakula ni kibovu. Shahidi akivuka alichokiona, karatasi nzima inaanza kutiliwa shaka.

Kitu cha kwanza watakachokurudishia ni utunzaji. Watasema mifuko ilipata unyevu. Usisubiri waseme. Chakula kilicholoa hujionyesha chenyewe: punje zinashikana mabonge, zinalainika ukizibonyeza, zinatoa harufu ya uvundo, na baada ya muda ukungu unaonekana. Piga picha ya stoo ikionyesha mifuko iko juu ya mbao na mbali na ukuta, kisha piga picha ya punje kavu kiganjani. Na mzigo wa zamani umekaa stoo hiyo hiyo kwa muda mrefu zaidi, lakini unaelea. Sentensi moja kuhusu hilo itafanya kazi kuliko aya nzima ya kujitetea.

Hapa nina ombi, nalo ni zito. Usiandike neno "feki", na usiandike kwamba protini imepunguzwa. Wewe umepima kuelea tu. Punje ya kuelea hupikwa kwa mvuke na kusukumwa kwa nguvu kwenye mashine hadi wanga wake unaumuka, ndiyo maana inatoka na vitundu vya hewa ndani. Isipoumuka vizuri inakuwa nzito kuliko maji, ingawa inaweza kuwa na protini ile ile iliyoandikwa mfukoni. Ukiandika protini, bosi ataipeleka maabara, majibu yatarudi mazuri, na atakujibu kwa ukweli kabisa kwamba chakula hakina tatizo. Utakuwa umempa mlango wa kutokea. Baki kwenye kuzama, kwa sababu kwako kuzama peke yake kunatosha kuwa hasara. Kwenye bwawa samaki anaweza kuifuata punje chini. Kizimbani inapita kwenye nyavu ya chini na kupotelea ziwani.

Na hapo una kitu ambacho nadhani hujajua thamani yake. Kwenye meseji za Februari, kabla hamjanunua, ulimwandikia afisa mauzo: "Sisi tuna vizimba, tunataka kile cha kuelea." Naye akajibu kwamba kipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Lakini sheria hiyo hiyo inamhesabu mnunuzi kuwa ameupokea mzigo akikaa nao muda mrefu bila kusema kwamba anaukataa. Ndiyo maana tarehe mliyoacha kuutumia ina uzito, na ndiyo maana nasema msifungue tena mfuko wa bechi hiyo hata kama leo usiku chakula kitawaishia. Kwenye barua ya kwanza usiitaje sheria. Weka ile meseji tu. Mtu mwenye cheo hicho akiiona ataelewa maana yake bila wewe kumtisha.

Kuhusu deni, wenzako wana hoja, ila njia yao ina hatari. Mzigo ulikuwa wa shilingi 9,000,000, mmelipa 6,000,000, zimebaki 3,000,000. Mkikaa kimya bila kulipa, kwenye vitabu vya kule Dar ninyi ni wadaiwa sugu mliotafuta kisingizio, na barua yenu itasomwa na mtu wa madeni kabla haijafika kwa mwenye mamlaka. Litajeni deni wenyewe, kwa tarakimu, ndani ya barua, kisha mseme litalipwa vipi. Hesabu yake ni hii. Mifuko 58 mliitumia, na kwa shilingi 60,000 mfuko ni 3,480,000. Iliyozama kupita kawaida ni asilimia 31 ukitoa 4, yaani 27. Asilimia 27 ya 3,480,000 ni 939,600. Mifuko 92 iliyobaki, ikiwemo ile 10 mliyoifungua kwa kipimo, mnaomba ibadilishwe. Deni la 3,000,000 likitolewa 939,600 linabaki 2,060,400, na hizo mtazilipa ndani ya siku saba baada ya kupokea mifuko mipya. Bosi akisoma hapo anaona pesa inayoingia kwake, na anaona kwamba hamkuhesabu mifuko mliyotumia kama vile yote ilipotea. Hicho ndicho kinachomfanya akuamini kwenye yale mengine.

Najua samaki wamedumaa na hilo linakuuma. Lakini uzito uliopotea una sababu nyingi, na hamkuwa mkipima samaki kila wiki. Ukiiweka hasara hiyo kwenye hesabu moja na ile ya mifuko, bosi ataipinga, na akishaipinga atakuwa ameizuia hesabu yote. Andika tu kwamba mnabaki na haki ya kulizungumzia baadaye. Kama mngekuwa na daftari la kupima samaki tangu Januari ningekushauri tofauti.

Kabla hujaandika, mwambie afisa mauzo. Watu wengi huruka hatua hii kwa kudhani wanampa nafasi ya kujipanga. Ukweli ni kwamba ukimruka kimya kimya, jambo la kwanza bosi atakalofanya ni kumpigia simu, naye akishtukizwa atajitetea, na njia rahisi ya kujitetea ni kusema ninyi ni wasumbufu. Mtumie ujumbe kama huu: "Kaka, habari za kazi. Suala la mifuko ya tarehe 3 Machi naona limezidi uwezo wako, na sikulaumu. Jumatano naandika kwa mwenye mamlaka ya kubadilisha mzigo. Naomba jina la cheo chake na anwani. Barua nitakupa nakala." Angalia kwamba unamuuliza nani *anaidhinisha*, si nani ni mkubwa. Mkurugenzi mkuu mara nyingi ataishusha barua chini kwa mtu asiyekujua. Meneja wa biashara au meneja wa mauzo wa taifa ndiye anayesaini punguzo la deni. Afisa asipokujibu kwa siku mbili, piga simu ya ofisi iliyoko kwenye ankara na uulize swali hilo hilo.

Kisha barua. Andika Kiswahili. Najua kuna mwenzenu anataka iandikwe Kiingereza ili ionekane nzito, lakini utaandika usichokimiliki vizuri, na hapo ndipo maneno makali huponyoka bila wewe kujua ukali wake. Iwe ukurasa mmoja, viambatisho nyuma. Nimekuandalia kwa taarifa zako; jaza namba na majina:

*YAH: MIFUKO 92 YA CHAKULA CHA SATO, BECHI NAMBA …, ANKARA NAMBA …: OMBI LA KUBADILISHIWA*

*Ndugu Meneja,*

*Kikundi chetu kinafuga sato kwenye vizimba viwili Luchelele, Mwanza, na tumekuwa wateja wenu kabla ya mzigo huu. Tunakuandikia kwa sababu tatizo la mzigo uliotajwa hapo juu halijapata jibu tangu tarehe 21 Machi, na tunaamini linahitaji uamuzi wa ngazi yako.*

*Tarehe 3 Machi tulipokea mifuko 150 ya kilo 20 kutoka ghala lenu la Nyakato. Tuliagiza chakula cha kuelea na kueleza kwamba ni kwa matumizi ya vizimba (kiambatisho 1). Tulianza kuufungua tarehe 9 Machi. Siku za mwanzo tulidhani samaki wamepunguza kula. Tarehe 21 Machi tuligundua kwamba punje nyingi zinazama na tukamtaarifu afisa mauzo wenu siku hiyo hiyo. Alifika tarehe 24 Machi, akaona, akachukua sampuli, na akatueleza kwamba itapelekwa kiwandani. Siku hiyo tuliacha kuutumia. Tuliulizia majibu tarehe 2, 11 na 16 Aprili, na hadi leo hatujayapata (kiambatisho 2).*

*Tarehe 20 Aprili, mbele ya afisa uvuvi, tulipima punje 100 kutoka kila mfuko katika mifuko 10 ambayo haikuwa imefunguliwa. Zilizama 310 kati ya 1,000. Kwa njia hiyo hiyo, punje za mzigo wenu wa awali, uliotunzwa stoo hiyo hiyo, zilizama 12 kati ya 300 (kiambatisho 3). Sababu ya kuzama hatuijui. Tunachokijua ni kwamba punje inayozama hupita kwenye nyavu na samaki hawaipati.*

*Tunaomba mambo mawili. Kwanza, mifuko 92 iliyobaki ibadilishwe kwa ya bechi nyingine. Pili, shilingi 939,600 zipunguzwe kwenye deni letu la 3,000,000, kwa ajili ya sehemu iliyozama katika mifuko 58 tuliyotumia. Hesabu iko kwenye kiambatisho 4. Salio la 2,060,400 tutalilipa ndani ya siku saba baada ya kupokea mifuko hiyo. Suala la ukuaji wa samaki hatujaliweka katika hesabu hii na tunabaki na haki ya kulizungumza.*

*Mifuko yote iko stoo, na mtu wenu anakaribishwa kuikagua siku yoyote. Tunaomba jibu la maandishi ifikapo Ijumaa tarehe 2 Mei. Afisa mauzo wenu amepewa nakala ya barua hii.*

*Wako katika biashara, …*

Irudie mara mbili uone ilivyotengenezwa. Hakuna mahali imesema afisa mauzo amezembea. Imesema alifika, akachukua sampuli, na tarehe tatu mlizoulizia. Msomaji atafika mwenyewe kwenye neno "kuzembea", na mtu anayefika mwenyewe habishani nawe. Pia barua imekiri kwamba mlichelewa kugundua. Hilo ni jambo dhaifu upande wenu, na ni heri mlitaje ninyi kwa sentensi moja kuliko likatajwa na wao kama siri waliyoifichua. Na "sababu ya kuzama hatuijui" ni sentensi ninayoithamini kuliko zote humo, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa inamwachia yeye kazi ya kutafuta sababu badala ya kubishana na ya kwenu.

Umesema hasira hujizuii. Mimi nilipokuwa kiwandani niliwahi kupokea maboksi ya kufungashia minofu ambayo gundi yake iliachia ndani ya chumba cha baridi. Nilikuwa na haki yote, nilikuwa na picha, nilikuwa na hesabu. Nikaandika usiku, na ndani ya barua nikaweka maneno "mmetuibia". Meneja wao hakunijibu. Aliipeleka barua kwa mwanasheria, na kwa miezi minne tulizungumzia lile neno huku maboksi yakioza nyuma ya jengo. Nilijifunza njia ambayo naitumia mpaka leo: andika barua ya hasira yote, usimtumie mtu. Asubuhi chukua kalamu na ufute kila neno linalodai kujua moyo wa mtu, kama makusudi, ujanja, dharau, wizi. Kisha futa kila neno la kukuza, kama kabisa, siku zote, kila mara. Kinachobaki mara nyingi ni tarehe na namba, na hicho ndicho cha kutuma. Kama hakuna kinachobaki, basi bado hujawa na lalamiko, rudi kizimbani na ndoo.

Chini ya barua usiweke ile orodha ya nakala kwa Mkuu wa Mkoa, TBS, TAKUKURU na magazeti. Watu wanadhani inaongeza uzito. Upande wa kupokea tulikuwa tukiiona orodha hiyo, barua inahamia kwa mwanasheria kabla meneja hajaimaliza, na mwanasheria kazi yake ya kwanza ni kuzuia mtu yeyote asikubali kitu. Nakala moja tu, kwa afisa mauzo. Kwa sababu hiyo hiyo wazuie wenzako na magrupu. Mkishamwanika, bosi hawezi tena kuwabadilishia kimya kimya bila kuonekana amekiri mbele ya wateja wake wote, na ninyi mtalazimika kuthibitisha kila neno mliloandika huko, yakiwemo ya yule mwenzenu mwenye mdomo.

Peleka kwa njia mbili siku moja. Nakala halisi ipelekwe ofisi ya Nyakato na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Nyingine itumwe kwa barua pepe ya meneja ikiwa faili moja, viambatisho ndani yake, si picha kumi na tano zilizotawanyika kwenye WhatsApp. Baada ya siku tatu za kazi piga simu kuuliza jambo moja tu: imefika? Usianze kulieleza upya, maana ukilieleza kwa mdomo unaanza kubishania kwa mdomo.

Majibu yatakuja kwa sura mbalimbali, na zipo mbili zinazowaangusha watu. Ya kwanza ni simu ya upole kutoka Dar: "Tumelipokea, tunalifanyia kazi." Shukuru, na ndani ya saa moja umwandikie: "Asante kwa simu yako ya leo saa nne. Nimeelewa kwamba sampuli inapimwa na jibu litatoka tarehe fulani. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Kama hakutaja tarehe, ulizeni hapo hapo mkiwa kwenye simu. Bila tarehe, "tunalifanyia kazi" inaweza kuchukua msimu mzima.

Ya pili ni ofa ya nusu. Watasema tuwabadilishie mifuko 60, sainini hapa. Inaweza kuwa ofa nzuri. Mtaipima wenyewe kwa mahitaji yenu ya chakula, na mimi singeona aibu kukubali chini ya nilichoomba kama chakula kimeniishia. Lakini soma kile mnachosaini. Kikisema "madai yote yamemalizika", basi na lile la ukuaji wa samaki limekufa hapo, pamoja na 939,600. Kama hamkubali hilo, andika kwa mkono juu ya saini: "Kwa mifuko 60 tu; mengine yanaendelea."

Wakiomba sampuli, wape, lakini chota mbele yao kutoka mifuko ile ile, gawa mara mbili, funga zote mbili, wote msaini juu, na moja ibaki kwako mahali pakavu. Sampuli ya Machi iliyoondoka na afisa bila karatasi haina msaada kwenu tena, ichukulieni hivyo.

Tarehe 2 Mei ikipita kimya, usiandike barua kali zaidi. Andika fupi zaidi, mistari mitano, kwa mkurugenzi mkuu, ukisema barua ya tarehe 23 Aprili imeambatishwa, haijajibiwa, na unaomba jibu kwa siku saba. Sasa ndipo unapoweza kuongeza kwamba baada ya hapo kikundi kitatafuta ushauri wa mwanasheria. Useme hivyo tu kama mmeshakubaliana na kuchanga pesa ya mwanasheria, maana mkikitaja kisha msikifanye, hawatawasikiliza tena. Mwanasheria akianza kazi atakuta karatasi zote zimepangwa, na hilo litawapunguzia gharama.

Na wakikubali, lori likifika Luchelele, usiwaruhusu vijana washushe mzigo kabla hujatazama namba ya bechi. Chagua mfuko mmoja mwenyewe, ufungue pale pale mbele ya dereva, hesabu punje 100, zitie kwenye ndoo. Kama zitakazozama ni tatu au nne, saini. Zikifika ishirini, andika namba hiyo kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla ya saini yako, na unipigie.